Futa "mchapakazi", andika mifuko mitatu

*Shikamoo. Naishi Tukuyu, nina stashahada ya uhasibu. Nataka kuomba kazi ya mtunza stoo kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi hapa Rungwe. Kwenye barua nimeandika: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na mwenye shauku ya kufanya kazi kwa ushirikiano. Naweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kwa usimamizi mdogo." Kaka yangu kaisoma, akasema hiyo ni barua ya kila mtu. Nifute nini na niweke nini? Uzoefu sina. Nimekaa tu misimu miwili kwenye duka la pembejeo la shangazi, Uyole, nahesabu mifuko ya mbolea kila jioni. Kuna siku nilikuta mitatu haipo, kumbe gari lilishusha 97 na hati ikasainiwa 100. Tangu hapo nahesabu kabla ya kusaini. Mafunzo kwa vitendo nilifanya wiki nane kwenye AMCOS ya kahawa, Mbozi.*

Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako ameona vizuri, ila amekuachia kazi nusu. Sentensi zako mbili za sifa zifute zote. Cha kuweka mahali pake umeshakiandika mwenyewe, pale chini kabisa, baada ya kusema uzoefu huna. Ile mifuko mitatu inamwambia mwajiri mambo ambayo sifa zote sita ulizojipa haziwezi kumwambia.

Kwa miaka mingi nimekaa upande wa meza zinakofikia barua hizi, kwanza Mafinga kwenye kazi za mbao, sasa hapa Mbeya. Nafasi ya stoo ikitangazwa, kinachotazamwa kwanza ni kama mwombaji ana cheti kinachotakiwa. Wasio nacho wanawekwa kando. Wanaobaki bado ni wengi, na kwenye karatasi wanafanana: stashahada ile ile, umri unaokaribiana, vyuo vile vile. Hapo ndipo barua inaanza kufanya kazi, kwa sababu msomaji sasa anatafuta kitu cha kumfanya amwite huyu na amwache yule. Anafungua ya kwanza, mchapakazi na mwaminifu. Anafungua ya pili, mwaminifu na mchapakazi, anajituma. Ya tatu hivyo hivyo, ila huyu ameongeza "hodari". Sina shaka kwamba wengi wao wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kweli yao imesemwa kwa maneno yale yale, kwa hiyo haimsaidii anayechagua, na jicho likishazoea linauruka mstari mzima bila hata kujua limeuruka.

Ni vizuri ujue maneno haya yanaingiaje kwenye barua, maana ukijua mlango wake utaweza kuufunga. Njia moja ni stationari. Mwenye kompyuta anakuwa na barua moja ya maombi kwenye mashine yake, na kila mteja akija anabadilisha jina, anwani, tarehe na nafasi inayoombwa. Sifa hakuulizi, zimo tayari, zilizoachwa na mteja wa kwanza ambaye hakuna anayemkumbuka. Siku hizi barua hiyo inatembea pia kwenye makundi ya WhatsApp ya waliomaliza chuo. Njia ya pili ni tangazo lenyewe la kazi. Linasema "awe mwaminifu, awe na uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano na chini ya shinikizo". Mwombaji anaona kama mtihani, anajibu swali moja moja: anaondoa "awe", anaweka "mimi ni".

Hapo kwenye tangazo pana jambo nataka ulishike. Aliyeliandika ana hofu nyuma ya kila neno. Kiwanda kikiandika "mwaminifu" kwa nafasi ya stoo, mara nyingi ni kwa sababu vitu vimewahi kupotea na hakuna aliyeweza kueleza vimekwenda wapi. Kikiandika "ushirikiano", huenda mtunza stoo fulani alikuwa akifunga mlango saa kumi kamili huku watu wa kufungasha wanahitaji katoni. Kikiandika "shinikizo", wanawaza miezi ya mavuno. Kwa hiyo tangazo usilisome kama orodha ya maneno ya kurudisha. Lisome ukijiuliza wanaogopa nini, kisha uwaonyeshe siku ambayo wewe ulikutana na jambo la aina hiyo na ulichofanya.

Sasa tuje kwenye namna ya kuyanasa. Chapa barua yako kwenye karatasi, usiisome kwenye simu, maana kwenye simu unaisoma kwa kuteleza. Chukua kalamu, uisome kwa sauti, na kila unapokutana na neno linaloeleza tabia yako, lipigie mstari. Ukimaliza, fanya jaribio moja kwa kila mstari: futa jina lako kichwani, weka jina la uliyekaa naye dawati moja chuoni. Sentensi bado ni kweli? Kama bado ni kweli, sentensi hiyo si yako, na haifai kubaki. "Mimi ni mchapakazi" inapita kwa darasa lenu zima. "Jioni moja nilikuta mifuko mitatu haipo" haipiti kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa wewe.

Jaribio la pili ni la upande wa mwajiri. Ondoa jina la kiwanda uweke jina la hospitali au la shule. Kama una sentensi inayosema "ninavutiwa sana na sifa nzuri ya taasisi yenu na ningependa kuwa sehemu ya mafanikio yake", utaona inakaa vizuri kila mahali. Inayokaa vizuri kila mahali ifute.

Kuwa makini hapa, kwa sababu wengine wakishajua jaribio hili wanafuta hadi vitu visivyopaswa kufutwa. Barua rasmi ina sehemu ambazo ni utaratibu tu: anwani yako, tarehe, anwani ya unayemwandikia, mstari wa "YAH", "Wako mtiifu", sahihi na jina. Hizo hupita kwa kila mtu na ndivyo zinavyotakiwa ziwe, hakuna anayekupima kwa hizo, na ukianza kuzibuni upya utaonekana hujui barua. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" nayo ni ya utaratibu. Mimi huwa nashauri iondolewe, kwa sababu inakula nafasi ya sentensi ya kwanza, lakini ukiiacha haitakuangusha. Kinachokuangusha ni utaratibu kuingia kwenye aya ambayo ilikuwa ya kukueleza wewe.

Haya, tuchukue sifa zako moja moja.

Anza na "mwaminifu", kwa sababu kwa mtunza stoo ndiyo nzito kuliko zote. Neno hili lina ubaya wa pekee: hata asiye mwaminifu hulitumia, tena kwa haraka zaidi. Kwa hiyo ukilisema tu, halina faida yoyote. Stoo ina njia yake ya kuonyesha uaminifu, nayo ni hesabu inayolingana. Vilivyokuwapo, jumlisha vilivyoingia, toa vilivyotoka, ni lazima vifanane na vilivyo sakafuni. Mtu anayefanya hesabu hiyo kila jioni na kuiandika anajiwekea ulinzi mwenyewe, maana tofauti ikitokea inajulikana siku hiyo hiyo na si mwisho wa msimu. Wewe umeifanya misimu miwili. Na ilikuletea matunda: ulikuta mifuko iliyouzwa ukijumlisha na iliyobaki haifiki ile iliyoandikwa kwenye hati ya mzigo. Kumbe tofauti haikuwa ndani ya stoo, ilikuwa mlangoni, pale hati iliposainiwa bila kuhesabu mzigo. Ukabadilisha utaratibu.

Ona kilichomo kwenye tukio hilo dogo. Kuna uaminifu, kwa sababu ulitafuta upungufu badala ya kuuficha. Kuna kujituma, kwa sababu hujasema kuna aliyekuagiza. Kuna kufanya kazi kwa usimamizi mdogo. Sifa tatu kati ya sita zimeingia bila kutajwa hata moja, na msomaji amezitoa mwenyewe. Anachokitoa mwenyewe anakiamini, ulichompa kama hukumu iliyokwisha kukatwa anakitilia shaka.

Kabla hujaiandika, jibu maswali manne kwenye karatasi ya pembeni. Ilikuwa lini, angalau msimu gani? Ilikuwa bidhaa gani, DAP, yurea au nyingine? Uligunduaje, kwa hesabu ipi? Na iliishaje? Hilo la mwisho hukunieleza. Kama msambazaji alirudisha mifuko mitatu, andika kwamba alirudisha. Kama shangazi alikula hasara, usiandike kwamba ilirudishwa, wala usiache sentensi ikae kwa namna ya kumfanya msomaji adhani ilirudishwa. Andika tu ulichobadilisha baada ya pale. Kwenye usaili watakuuliza juu ya mifuko hiyo, nina uhakika, na itabidi uieleze kwa dakika mbili tatu bila kubabaika. Tukio la kweli linaelezeka hivyo. Lililotiwa chumvi linakwama kwenye swali la pili.

"Kufanya kazi chini ya shinikizo" lina tukio lake pia, ila hukulitaja. Nitakisia kwa ninavyoyajua maduka ya pembejeo ya Uyole, wewe utanirekebisha. Mvua zikianza mwezi wa 11, kila mkulima anataka mbolea ya kupandia wiki hiyo hiyo. Baadaye, mahindi yakishaota, wanarudi kwa mbolea ya kukuzia. Kuna siku watu wanapanga foleni tangu asubuhi, na kwa mbolea ya ruzuku muuzaji anahakiki kwanza namba ya mkulima kabla ya kutoa mfuko. Kama siku kama hizo uliendelea kuandika kila mfuko unaotoka, na jioni hesabu ikakaa, hilo ndilo shinikizo. Liandike kwa mwezi wake na kwa bidhaa yake. Kama siku za foleni shangazi alikuwa akishika daftari mwenyewe na wewe unabeba mifuko, basi sifa hii huna ushahidi wake, iache. Barua si lazima ijibu kila kitu kilichomo kwenye tangazo.

"Ushirikiano" nao. Huu msemo kila barua inao, na barua za Kiingereza zinazoandikwa huku kwetu zinao zaidi, umeshikana na "shauku" kama mapacha. Ushirikiano hauonekani mpaka utaje ulishirikiana na nani na mliachiana nini mkononi. Kwako naona watu wawili. Yupo dereva wa gari la mzigo, ambaye sasa mnahesabu wote kabla ya kusaini. Na yupo mhasibu au katibu wa AMCOS uliyekuwa naye Mbozi kwa wiki nane. Ulimfanyia nini? Huenda ulikuwa ukiandika kilo za kahawa ya maganda kila mkulima anapopima, kisha daftari lako linakwenda kwake kwa ajili ya malipo. Kama ndivyo, kosa lako la kilo moja lilikuwa malipo pungufu ya mkulima fulani, na wewe na mhasibu ilibidi mhakiki pamoja. Hiyo inatosha kabisa. Sentensi moja.

Limebaki "mchapakazi", na hili nakuomba ulifute bila kutafuta cha kuweka. Mtu aliyehesabu stoo kila jioni kwa misimu miwili hahitaji kuambatanisha neno hilo.

Na "shauku". Wengi wanadhani shauku inaonyeshwa kwa kuipandisha kelele: shauku kubwa, shauku ya dhati, nina ari na moyo. Kwa mwajiri, dalili ya kwamba mtu anaitaka kazi hii hasa na si kazi yoyote ni kwamba amejisumbua kujua kazi yenyewe ikoje. Wewe upo Rungwe, una nafasi ambayo mwombaji wa mbali hana. Stoo ya kiwanda cha parachichi haitunzi mbolea, inatunza katoni, lebo, kreti, paleti na vifaa vya usafi. Katoni ya parachichi za kwenda nje kwa kawaida ni ya kilo 4, kwa hiyo tani moja ya matunda inakula katoni 250. Tunda likishachumwa halisubiri. Katoni zikiisha mchana wa siku ya mavuno, matunda yanakaa, watu wa kufungasha wanakaa, na gari linachelewa. Kwa hiyo kazi ya mtunza stoo pale ni kujua kabla, siku kadhaa nyuma, kwamba katoni zinaelekea kuisha. Ukiandika sentensi mbili zinazoonyesha umelielewa hilo, shauku yako imesomeka. Nenda ukaongee na mtu anayefanya kazi kwenye kufungasha, umuulize ni kitu gani huwa kinawaishia. Jibu lake liingie kwenye barua kwa maneno yako.

Nikiyaunganisha, kiini cha barua yako kinaweza kuwa hivi. Nimeweka mambo niliyokisia. Yasiyo yako yatoe.

> Naomba nafasi ya mtunza stoo iliyotangazwa na kiwanda chenu. Nina stashahada ya uhasibu, na kwa misimu miwili ya kilimo nimetunza stoo ya duka la pembejeo la shangazi yangu, Uyole, Mbeya.
>
> Kazi yangu ilikuwa kupokea mbolea na mbegu, kuandika kila kinachoingia na kutoka, na kuhesabu mifuko kila jioni ili ilingane na daftari. Jioni moja mifuko iliyouzwa na iliyobaki ilifika 97, wakati hati ya mzigo wa siku ile ilikuwa imesainiwa kwa 100. Tangu hapo nahesabu kila mzigo pamoja na dereva kabla ya kusaini. Miezi ya Novemba na Desemba, wakulima wanaponunua mbolea ya kupandia, niliendelea kufunga hesabu kila jioni kabla ya kuondoka.
>
> Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikaa wiki nane kwenye chama cha ushirika cha kahawa, Mbozi. Niliandika uzito wa kahawa ya kila mkulima wakati wa kupima, na kila siku nilihakiki orodha hiyo pamoja na mhasibu kabla haijaingia kwenye malipo.
>
> Ninaelewa kwamba kwenye kufungasha parachichi, katoni, lebo na kreti zikipungua siku ya mavuno, matunda yaliyokwisha kuchumwa yanasubiri. Ningependa kutunza kumbukumbu zitakazowaonyesha upungufu huo siku kadhaa kabla haujafika. Nimeambatanisha nakala za vyeti vyangu na majina ya wadhamini wawili.

Isome kwa sauti. Hakuna mahali ulipojisifu. Hakuna neno gumu. Ukifanya jaribio la jina la mwenzako, sentensi ya kwanza inaweza kupita, sawa, hiyo ni ya utaratibu, lakini aya ya pili haipiti kabisa. Pia haijavuka ukurasa mmoja, na usiiruhusu ivuke.

Umeona nimetaja kwamba duka ni la shangazi. Waombaji wengi wangeficha, kwa kuogopa kwamba kazi ya ndugu haihesabiwi. Mimi nasema litajwe, kwa sababu likifichwa na likagundulika kwenye simu moja, aya nzima inatiliwa shaka, pamoja na mifuko mitatu ambayo ni ya kweli. Ila shangazi asiwe mdhamini wako. Mdhamini wa kwanza awe yule mhasibu au katibu wa Mbozi aliyekusimamia. Wa pili awe mtu wa biashara aliyekuona ukifanya kazi dukani na si ndugu, kwa mfano msambazaji mliyekuwa mkipokea mzigo kwake, au mwalimu wako wa chuo kama msambazaji hapatikani. Waombe ruhusa kwanza, na uwakumbushe ulichoandika. Mdhamini akipigiwa simu akaulizwa habari ya hesabu za kila jioni akasema "sijui hilo", umeharibu.

Sasa makosa ambayo huwa nayaona kwa watu waliokwisha kuambiwa wafute maneno yaliyochoka. La kawaida kuliko yote ni kubadilisha neno kwa neno. "Mchapakazi" linakuwa "mwenye bidii isiyo kifani", "mwaminifu" linakuwa "mwadilifu mwenye maadili ya hali ya juu". Nguo imebadilishwa, mtu ni yule yule. Kama ulichoweka bado ni sifa, hujabadilisha kitu. Unapaswa kuona kitendo kilichofanyika, na kwenye stoo kitendo kinakwenda na kitu cha kuhesabika.

Lingine ni kumwaga tarakimu. Mtu anasikia kwamba tarakimu zinasaidia, anaandika kwamba amehudumia wateja elfu tano na kuongeza mauzo kwa asilimia arobaini. Nikimuuliza alivyopata asilimia hiyo, hana daftari. Tarakimu nzuri ni ile ambayo ungeweza kuonyesha ilikotoka, na mara nyingi ni ndogo. Tatu yako naiamini zaidi ya arobaini yake.

Halafu kuna suala la siri za watu. Tukio linaweza kuwa la kweli na bado lisifae kuandikwa kwa sababu linamchafua mtu. Usitaje jina la dereva, wala la msambazaji kwenye aya ya upungufu, wala usiandike kwamba waliiba. Huna ushahidi wa wizi, una ushahidi wa tofauti ya hesabu. Mwajiri akiona unamsema vibaya uliyefanya naye kazi, atajiuliza kesho utamsemaje yeye.

Kama tangazo linataka barua ya Kiingereza, usirudi kwenye barua ya stationari. Watu wengi wakiingia Kiingereza wanakosa kujiamini, wanakimbilia sentensi zilizokwisha kupikwa, na ndipo "shauku" na "ushirikiano" vinaporudi vyote viwili. Andika kwanza ya Kiswahili kama hii, mpaka matukio yakae sawa, kisha uyahamishe matukio hayo kwa sentensi fupi fupi. Kiingereza chepesi chenye mifuko 97 ndani yake kinasomwa kwa makini kuliko Kiingereza cha fahari kisicho na kitu.

Kwa nafasi za serikali zinazopitia Ajira Portal, mambo ni tofauti kidogo, na nisingependa upoteze usiku mzima huko. Pale kuitwa kwenye usaili kunategemea zaidi elimu na vyeti ulivyopandisha kwenye mfumo, na barua inatakiwa hasa iwepo, iwe imeelekezwa panapostahili na iwe na sahihi. Fuata masharti ya tangazo neno kwa neno, ondoa sifa tupu, weka aya moja ya stoo, inatosha. Matukio yako yatunze kwa usaili wa ana kwa ana, ukiufikia. Kazi hii ya kufuta na kubadilisha inalipa zaidi kwa viwanda, maduka makubwa, SACCOS, mashirika na shule binafsi, yaani kule ambako barua inasomwa na mtu atakayefanya kazi na wewe.

Jambo la mwisho ni wasifu wako, maana utauambatanisha na barua hii. Nina hakika una sehemu inayoitwa "Sifa binafsi" yenye vistari: mwaminifu, mchapakazi, mpenda ushirikiano, mwepesi kujifunza. Iondoe yote. Mahali pake, chini ya "Uzoefu wa kazi", ambapo sasa pengine umeacha wazi, andika "Mtunza stoo, duka la pembejeo, Uyole" pamoja na miezi na miaka yake, kisha mistari mitatu: kupokea na kuhakiki mizigo, kutunza daftari la stoo, kuhesabu mali kila jioni. Miezi hiyo ilingane na utakayosema kwenye usaili na atakayosema msambazaji akipigiwa, kwa hiyo kaa na shangazi mkumbushane tarehe kabla hujatuma.